Seli Iko Anafezi. Ina Kromosomu Ngapi?

Mpwa wangu aliweka karatasi ya jaribio mezani, akaigeuza ili swali la saba linielekee, kisha akakaa kimya akinisubiri nisome.

Swali lilikuwa fupi. Seli ya kiumbe fulani ina kromosomu 8 (2n = 8). Seli hiyo ikiwa katika anafezi, itakuwa na kromosomu ngapi? Majibu ya kuchagua: 4, 8, 16, 32.

Yeye alizungushia 16. Kalamu nyekundu ilikata, na pembeni pakaandikwa 8.

"Mjomba, si wewe uliyenifundisha kwamba kwenye anafezi zinakuwa mara mbili?"

Ni mimi, na sijabadili msimamo. Lakini nilipolirudia swali mara ya pili niliona kitu ambacho kimenisumbua kwa wiki kadhaa. Anafezi ni hatua ya mgawanyiko wa seli ambapo kromosomu huvutwa kuelekea ncha mbili za seli, na swali halikusema ni anafezi ipi. Mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, ina anafezi moja; meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza mbegu na mayai, ina mbili; na kila moja kati ya hizo tatu ina hesabu yake.

## Hesabu sentromia

Kanuni ambayo karibu kila mwalimu wa baiolojia huitoa ni kwamba ukitaka idadi ya kromosomu, hesabu sentromia. Sentromia ni ile sehemu iliyobanwa, mahali ambapo kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu moja, hushikana kwa nguvu zaidi, na ndipo hujifunga nyuzi za spindeli zinazozivuta. Sentromia moja, kromosomu moja, hata kama ina kromatidi mbili.

Tuipeleke seli yetu ya kromosomu 8 kwenye mitosisi kwa kanuni hiyo. Mwanzoni mwa intafezi, kabla mgawanyiko haujaanza, ina kromosomu 8, kila moja ikiwa uzi mmoja wa DNA. Kisha DNA inanakiliwa. Sasa kuna nyuzi 16 za DNA, lakini zimeshikana mbilimbili, kwa hiyo sentromia bado ni 8. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa, wakiona DNA imeongezeka wanaandika kromosomu 16. Bado hazijafika huko. Kwenye profezi ni 8, na kwenye metafezi, zikiwa zimejipanga katikati ya seli, ni 8.

Halafu inaingia anafezi. Kromatidi zinaachana, kila moja inavutwa na sentromia yake kuelekea ncha yake, na kuanzia hapo kila moja inaitwa kromosomu kamili. Nane zinakwenda huku, nane kule. Ndani ya utando mmoja wa seli kuna 16.

Seli ikishagawanyika, kila seli changa inabaki na 8. Mwisho wa safari ni sawa na mwanzo, na hapo ndipo ninapohisi jibu la kalamu nyekundu lilitokea. Mtu amekariri kwamba mitosisi haibadilishi idadi ya kromosomu, na kwa hiyo 8 ni 8 mwanzo hadi mwisho. Sentensi hiyo ni kweli kwa seli zinazotoka. Kwa seli iliyo katikati ya anafezi si kweli.

Kwa hiyo mpwa wangu alipata?

Kama ni mitosisi, ndiyo.

## Nane mbili zisizofanana

Sasa peleka seli ileile kwenye meiosisi. Kwenye profezi I kromosomu zinatafuta wenza wao: ile iliyotoka kwa baba na ile ya aina hiyohiyo iliyotoka kwa mama zinalala pamoja na kubadilishana vipande. Kwenye metafezi I hazijipangi moja moja bali jozi kwa jozi, kwa hiyo katikati ya seli kuna jozi 4. Sentromia bado ni 8.

Anafezi I inapofika, kinachoachana ni jozi. Kromosomu nzima, ikiwa na kromatidi zake mbili, inakwenda upande mmoja, na mwenzake anakwenda upande wa pili. Hakuna sentromia iliyogawanyika. Hesabu: 4 upande huu, 4 upande ule, jumla 8.

Baada ya hapo kuna seli mbili zenye kromosomu 4 kila moja, na kila kromosomu bado ina kromatidi mbili. Idadi imeshapungua kwa nusu. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaamini upungufu hutokea mwishoni kabisa, kwenye mgawanyiko wa pili, pale zinapopatikana seli nne. Mgawanyiko wa pili haupunguzi idadi ya kromosomu. Unaanza na seli ya 4 na kutoa seli za 4.

Lakini katikati yake kuna anafezi II, ambako kromatidi ndizo zinazoachana, kama kwenye mitosisi. Seli ya 4 kwa muda mfupi inakuwa na 8.

Kwa hiyo ramani ya swali la saba ni hii: anafezi ya mitosisi 16, anafezi I ni 8, anafezi II ni 8. Na hizo nane mbili ni vitu viwili tofauti. Nane ya anafezi I ina nyuzi 16 za DNA, kwa sababu kila kromosomu bado ina kromatidi mbili. Nane ya anafezi II ina nyuzi 8 tu. Mtu akiandika 8 kwenye karatasi, huwezi kujua amefika huko kwa njia ipi, au kama amebahatisha.

## Kwa nini sentromia haziachani mapema

Nilipokuwa najaribu kumweleza mpwa wangu haya, aliniuliza swali ambalo jaribio halikuuliza, na lilikuwa bora kuliko jaribio zima.

"Seli inajuaje iachanishe nini?"

Jibu limo kwenye gundi. Tangu DNA inaponakiliwa, kromatidi mbili hufungwa pamoja na protini zinazoitwa kohesini, ambazo huzizunguka kama pete. Muda wa anafezi ukifika, kimeng'enya kiitwacho separesi huzikata pete hizo. Zikikatika, kilichoshikwa kinaachia.

Kwenye mitosisi, pete zilizobaki hadi metafezi, hasa zile za kwenye sentromia, zinakatwa. Kromatidi zinaachana kabisa.

Kwenye meiosisi kazi hiyo inafanywa kwa awamu mbili. Katika anafezi I separesi inakata pete zilizo kwenye mikono ya kromosomu tu. Hilo linatosha kuiachanisha jozi, maana baada ya kubadilishana vipande, kilichokuwa kinaiunganisha jozi ni mikono hiyo. Pete za kwenye sentromia hazikatwi kwa sababu zina mlinzi, protini iitwayo shugoshini, inayozuia separesi isizikate. Kromatidi zinasafiri pamoja. Kwenye anafezi II ulinzi huo haupo tena, pete za mwisho zinakatwa, na sentromia zinaachana.

Ukilielewa hili huhitaji kukariri jedwali. Jiulize tu: pete za sentromia zimeshakatwa? Kama zimekatwa, idadi iliyokuwepo metafezi imeongezeka maradufu ndani ya seli. Kama hazijakatwa, idadi ni ileile ya metafezi.

Mpwa wangu alilipenda hili kuliko kanuni ya kuhesabu. Mimi pia, ingawa nimeifundisha kanuni ile kwa miaka bila kugusa sababu yake, kwa kuwa mitihani ya ngazi yake haiiulizi.

## Shaka iliyonirudia usiku

Hata hivyo nilianza kumwonea huruma mwenye kalamu nyekundu.

Fikiria. Katika anafezi ya mitosisi hakuna DNA iliyoongezwa. Nyuzi 16 zilizokuwepo kwenye metafezi ndizo hizohizo 16 zilizopo kwenye anafezi. Kilichobadilika ni kwamba zimeachana, na sisi tumekubaliana kuziita kwa jina jingine mara tu zinapoachana. Kromatidi imepanda cheo ikawa kromosomu. Idadi inaongezeka maradufu kwa sababu ya namna tunavyohesabu.

Je, kumkata mtoto alama, au kumpa, kwa jambo la makubaliano ni haki?

Kuna jambo jingine linalomtetea mwalimu. Idadi ya kromosomu ya kiumbe, ile inayoandikwa vitabuni, haihesabiwi kwenye anafezi. Maabara huzisimamisha seli kwenye metafezi kwa dawa kama kolkisini, ambayo huvuruga spindeli, kwa sababu hapo kromosomu zimejikunja na kuwa nene na zinaonekana vizuri. Hata hapo kazi si rahisi. Tangu miaka ya 1920 wataalamu waliamini kwamba binadamu ana kromosomu 48. Ilikuwa mwaka 1956 ambapo Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Lund nchini Sweden, walichapisha picha za seli zilizotandazwa vizuri, na hesabu ikawa 46. Walitumia kolkisini, na pia maji yenye chumvi kidogo ili seli zivimbe na kromosomu zisilaliane. Hiyo 46 ni idadi ya metafezi, kila kromosomu ikiwa na kromatidi mbili.

Kwa hiyo mtu anayesema "kiumbe hiki kina 8, basi seli yake ina 8" ana maana fulani akilini. Anazungumzia kiumbe.

Kilichonitoa kwenye shaka ni lile neno "seli hiyo". Swali halikuuliza kiumbe kina ngapi. Liliuliza seli, ikiwa katika anafezi, ina ngapi. Ukishaishika seli moja kwa wakati mmoja, makubaliano ya sentromia ndiyo yanayotumika, na yanatumika kwa kila hatua bila upendeleo. Huwezi kutumia sentromia kwenye metafezi ili usiandike 16, halafu ukaitupa kwenye anafezi ili usiandike 16.

Ama sivyo uliza nyuzi za DNA. Hizo hazitegemei jina.

## Mchoro unadanganya zaidi ya maneno

Jaribio lilelile lilikuwa na swali la mchoro. Duara, ndani yake kromosomu nne zimejipanga mstari mmoja katikati, moja moja, kila moja na kromatidi mbili. Taja hatua.

Wengi wataandika metafezi ya mitosisi, kwa sababu wamezoea kwamba kujipanga moja moja ni mitosisi na kujipanga jozi kwa jozi ni meiosisi. Nusu ya pili ni kweli. Nusu ya kwanza ina tundu, kwa kuwa metafezi II nayo hujipanga moja moja. Ukipewa mchoro huo bila kuambiwa 2n ni ngapi, huna namna ya kuamua kwa hesabu peke yake. Kama 2n = 4, ni mitosisi. Kama 2n = 8, ni metafezi II.

Kuna dalili moja ya kuangalia kabla ya kukata tamaa: ukubwa na umbo. Kama mchoraji alikuwa makini, kwenye seli ya mitosisi ya kiumbe diploidi, chenye kromosomu zake kwa jozi, utaona kila umbo mara mbili, ndefu mbili na fupi mbili, kwa kuwa wenza wote wapo ingawa hawajajipanga pamoja. Kwenye metafezi II kila umbo lipo mara moja tu, maana mwenza alishakwenda kwenye seli nyingine. Mchoro wa mpwa wangu ulikuwa na kromosomu nne za urefu tofauti. Hiyo ni metafezi II ya kiumbe chenye 2n = 8, na hapo mwalimu alikuwa sahihi kabisa.

Karibu kabisa, niseme.

Maana kuna nyuki. Nyuki jike, awe malkia au mfanyakazi, ana kromosomu 32. Nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana 16, kila umbo mara moja. Seli za mwili wake hugawanyika kila siku kwa mitosisi ya kawaida. Ukichora metafezi ya seli ya bawa lake linapokua, utapata mstari wa kromosomu moja moja zisizo na wenza, mchoro usiotofautika na metafezi II ya jike. Wale wanaofundishwa kwamba seli haploidi, isiyo na jozi kama hiyo, haiwezi kufanya mitosisi wamefundishwa vibaya. Inaweza. Isichoweza ni kupunguza idadi yake tena kwa nusu, na ndiyo maana dume huyo anapotengeneza mbegu zake, mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi hukatizwa bila kutenganisha chochote, na mbegu hubaki na 16.

Mtunzi wa swali halazimiki kumfikiria nyuki. Analazimika kuandika "kiumbe diploidi".

## Swali ninalolitumia sasa

Badala ya kuuliza idadi kwenye hatua moja, siku hizi namwekea mwanafunzi kosa na kumwomba arudi nyuma.

Seli ya 2n = 8 imefanya meiosisi. Gameti nne, yaani seli za uzazi, zilizopatikana zina kromosomu 5, 5, 3 na 3. Nini kiliharibika, na wapi?

Mpwa wangu alichukua muda, akachora, akafuta. Kisha akasema kwamba jozi moja haikuachana kwenye anafezi I. Seli moja ilipata 5, nyingine 3, na mgawanyiko wa pili ulikwenda vizuri, kwa hiyo kila seli ikatoa mbili zinazofanana nayo. Ndivyo.

Nikambadilishia: 4, 4, 5 na 3.

Hili alilijibu haraka. Mgawanyiko wa kwanza ulikuwa salama, seli mbili za 4. Moja ikaendelea vizuri. Kwenye nyingine, kromatidi mbili za kromosomu moja hazikuachana kwenye anafezi II, zikaenda zote upande mmoja.

Kosa la aina hii kwa binadamu, likitokea kwenye kromosomu ya 21, linaweza kumpa mtoto kromosomu 47 badala ya 46. Na wataalamu wanaweza kujua lilitokea kwenye mgawanyiko upi bila kuziona gameti nyingine. Wanaangalia alama za DNA zilizo karibu na sentromia kwenye zile nakala mbili zilizotoka kwa mzazi mmoja. Zikitofautiana, ni wenza wawili walioshindwa kuachana, kosa la mgawanyiko wa kwanza. Zikifanana, ni kromatidi mbili za kromosomu moja, kosa la pili. Alama za mbali na sentromia hazisaidii sana, kwa kuwa huko vipande vimeshabadilishana.

Mwenye kulijibu swali hili hawezi kuwa amebahatisha 8.

## Yai linalosubiri

Mpwa wangu aliondoka na karatasi yake, na nadhani alilipeleka swali la saba kwa mwalimu, kwa adabu, akiuliza ni anafezi ipi. Sikumfuatilia. Lakini kabla ya kuondoka alinitega mimi.

"Yai la binadamu likitoka kwenye ovari, lina kromosomu ngapi?"

Nikasema 23.

"Na nyuzi za DNA?"

Hapo akatabasamu, maana alijua wengi husema 23 tena. Ni 46. Yai linapotoka kwenye ovari halijamaliza meiosisi. Lilianza kabla mwanamke mwenyewe hajazaliwa, likasimama kwenye profezi I kwa miaka mingi, likakamilisha mgawanyiko wa kwanza muda mfupi kabla ya kutoka, kisha likasimama tena kwenye metafezi II. Kromosomu 23, kila moja na kromatidi mbili, pete za sentromia bado zimefungwa. Zitakatwa tu mbegu ya kiume ikiingia. Isipoingia, yai hufa likiwa palepale.

"Basi ikiingia," akasema, "na anafezi II ikaanza, hesabu sentromia za seli hiyo."

Nikazihesabu. Za mama 46, kwa kuwa kromatidi zimeachana na kiseli kidogo cha kutupwa bado hakijajitenga. Za baba 23, zilizoletwa na mbegu.

Sitini na tisa. Kwa muda mfupi, mpaka kile kiseli kijitenge na 23 zake na kuacha 46.